Otoenkoda kwenye pampu ya maji: kubana vipimo na kunasa hitilafu

Chukua pampu ya kisima inayosomwa vipimo viwili: umeme inaovuta na maji yanayopita kwenye mita. Pampu ikiwa nzima, maji yakiongezeka na umeme huongezeka. Uhusiano huo ndio tunaotaka otoenkoda, programu inayojifunza kutokana na data, iujue.

Hatua ya 1: mizani moja. Geuza ampea na lita ziwe kati ya 0 na 1, ukitumia kiwango cha chini na cha juu vilivyoonekana pampu ikiwa nzima. Usipofanya hivyo, kipimo chenye namba kubwa kitakimeza kingine.

Hatua ya 2: mafunzo. Otoenkoda ni mtandao wa neva wenye pande mbili. Enkoda hubana vipimo, dikoda hujaribu kuvirudisha vilivyokuwa. Hapa katikati tunaacha namba moja tu. Tukiacha mbili, mtandao unaweza kunakili chochote unachopewa, na hautagundua kitu. Upe data ya pampu nzima peke yake, maana mtandao ukiona ubovu mara nyingi utajifunza kuurudisha nao.

Tuseme mtandao umejifunza hivi: enkoda inatoa wastani wa vipimo viwili, dikoda inaurudia wastani huo mara mbili.

Hatua ya 3: kupima kosa. Umeme 0.60 na maji 0.62 vinabanwa kuwa 0.61. Vikirudishwa, kila kimoja kimekosea kwa 0.01, na wastani wa miraba ya makosa ni 0.0001. Sasa bomba limepasuka kabla ya mita:

```python
import numpy as np
x = np.array([0.60, 0.20])
z = x.mean()
kosa = ((x - z)**2).mean()
print(round(z, 2), round(kosa, 4))   # 0.4 0.04
```

Kosa limepanda mara 400. Angalia vizuri: 0.60 ni umeme wa kawaida, na 0.20 ni maji ya kawaida. Kengele inayolinda kila kipimo peke yake isingelia. Kisicho cha kawaida ni kukutana kwao.

Hatua ya 4: kikomo. Pima makosa kwenye data ya pampu nzima ambayo haikutumika kufundisha, kisha weka kikomo pale ambapo asilimia 99 ya makosa hayo yako chini yake. Tarajia basi kengele ya bure mara moja hivi katika kila vipimo 100. Kama fundi yuko mbali, subiri vipimo kadhaa mfululizo vivuke kikomo ndipo umwite.

Hatua ya 5: kosa lipimwe palepale kwenye pampu. Hapa kubana na kunasa hitilafu vinagongana. Ukituma 0.40 peke yake ili kuokoa bando, huku ofisini itafanana kabisa na pampu nzima yenye 0.40 na 0.40. Ubovu umepotea kwenye kubana. Tuma namba iliyobanwa, na kosa likivuka kikomo tuma pia vipimo halisi.

Bado kuna tundu moja: 1.50 na 1.50 vinarudishwa bila kosa lolote, ingawa pampu imezidiwa. Kwa hiyo kengele za kawaida za kiwango cha juu na cha chini usiziondoe.