Video ya kumuaga mwalimu anayestaafu: kuunganisha salamu za watu wengi ziwe simulizi moja

Video nyingi za kumuaga mwalimu hufanana: mtu anasimama mbele ya kamera, anasema "tutakukumbuka sana, Mungu akubariki", anakuja mwingine na yaleyale. Akifika wa nne, ukumbi umeshaanza kupiga soga. Kosa si la watoa salamu, ni la swali waliloulizwa. Mfano wangu ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi anayestaafu akiwa na miaka 60, na video ya dakika sita.

1. Uliza tukio, usiombe salamu

Anza wiki tatu kabla ya hafla. Watumie wote swali moja: "Taja siku moja uliyokuwa na Mwalimu. Mlikuwa wapi, alisema nini?" Wajibu kwa sauti ya WhatsApp isiyozidi dakika moja. Anayejirekodi video aishike simu kwa upana, kisha aitume video kama dokumenti. Ikitumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp huibana, na kwenye projekta inaonekana ina ukungu.

2. Tafuta kinachojirudia

Sikiliza zote ukiwa na daftari, uandike maneno yao kama walivyoyasema. Katika mfano huu, mwanafunzi wa zamani alisimulia alivyopewa chaki ilhali hajui jibu. Mwalimu mwenzake alitaja chaki isiyokosekana mfukoni. Mtoto wa Darasa la Tano alikumbuka alivyokatazwa kufuta kosa lake. Hawakuambizana, lakini wote wanamzungumzia mtu anayempeleka mtoto ubaoni bila kumwaibisha. Huo ndio uti wa mgongo wa video. Salamu zisizoingia humo usizitupe: ziweke zote kwenye flashi, Mwalimu akabidhiwe siku ya hafla asikilize nyumbani.

3. Andika muswada

Gawa ukurasa safu mbili: kinachosikika na kinachoonekana. Usipange watu kwa vyeo, panga kwa mtiririko wa habari. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu huchukua takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo msimulizi asizidi maneno 250. Muda uliobaki ni wa wenye kumbukumbu zao, pamoja na picha za zamani.

Safu ya kinachosikika inaenda hivi:

MSIMULIZI: Darasa la Nne, kipindi cha kwanza. Ubaoni kuna hesabu ya sehemu, na hakuna aliyenyoosha mkono.
MWANAFUNZI WA ZAMANI: "Akanipa chaki. Nikamwambia sijui. Akasema, andika unapojua, ukikwama tutaendelea wote."
MSIMULIZI: Walimu wenzake wanajua chaki hiyo inakaa wapi.
MWALIMU MWENZAKE: "Shati lolote avae, mfuko wa kushoto una vumbi jeupe. Mkewe alishachoka kusema."
MSIMULIZI: Na mwaka huu, Darasa la Tano.
MWANAFUNZI: "Nilikosea nikataka kufuta. Akasema acha, tutafute ulipopotelea."

Angalia msimulizi anavyonyamaza mapema. Angesema "mwanafunzi huyu anakumbuka alivyopewa chaki", tungesikia jambo moja mara mbili na chaki isingemshtua mtu. Kazi yake ni kutuambia tuko wapi na anayezungumza ni nani, basi.

4. Rekodi na ujaribu

Msimulizi arekodi kwenye chumba chenye mapazia na godoro, sauti isijirudie. Muziki uwe wa ala tupu, ushuke kila mtu anapozungumza. Sauti yenye kelele iwekee maandishi chini. Kisha jaribu video kwenye spika za ukumbi wenyewe, maana muziki unaosikika vizuri kwenye simu unaweza kumeza maneno pale.

Maswali yanayoulizwa

Mkuu wetu wa shule ametuma hotuba ya dakika nne. Nitaikataje bila kumvunjia heshima?
Usiikate kimyakimya. Mwendee, umwombe hotuba aitoe mwenyewe ukumbini, na kwa ajili ya video akusimulie tukio moja tu. Kaa naye, umuulize ana kwa ana: kwa mdomo watu husimulia vizuri kuliko kwa karatasi.

Rafiki yake mkubwa pale shuleni ni marehemu. Tumtaje?
Kwanza uliza familia ya marehemu na mke wa Mwalimu. Wakiridhia, mweke katikati ya video: picha yao wawili, sentensi mbili za msimulizi, kisha sekunde chache bila muziki. Kichekesho kisifuate papo hapo.

Wengine wameandika meseji tu. Asome msimulizi?
Hapana, wasikilizaji watachanganya maneno yake na ya aliyeandika. Tafuta msomaji mwingine wa rika la mwandishi, na jina la mwandishi lionekane chini. Mtu mzima asiigize sauti ya mtoto.

Wanafunzi wa sasa wanahitaji ruhusa?
Ndiyo, ya mzazi na ya uongozi wa shule. Mweleze mzazi wazi kama video itaishia ukumbini au itawekwa mtandaoni. Akitaka sura ya mwanawe isionekane lakini akaruhusu sauti, onyesha mkono ukiandika ubaoni.