Tangazo la mafuta ya nta: yale ambayo mnunuzi anahitaji kuyasoma

Ukiuza kutoka Tabora mafuta ya kujipaka yenye nta ya nyuki, taja viambato vyote kuanzia chenye uzito mkubwa, yaani mafuta ya alizeti, nta, kisha manukato. Usiyafiche manukato hayo, kwa kuwa mara nyingi ndiyo huwasha ngozi. Nta nayo huweza kubaki na chembe za gundi ya nyuki, ambayo huwadhuru wenye mzio nayo, hivyo neno "asilia" peke yake halimlindi mtu. Andika namba ya toleo ileile iliyo kwenye kopo, ili malalamiko yakija ujue yanahusu mchanganyiko upi.

Alama ya kopo lililo wazi yenye "12M" humaanisha miezi 12 tangu kufunguliwa. Usiiweke kabla hujatunza kopo lililofunguliwa kwa muda huo na kulinusa mara kwa mara, kwani mafuta yaliyoharibika hutoa harufu kali ya kuchacha.

Mshauri mnunuzi apake kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubiri saa 48, na aoshe mara moja akipata muwasho, uvimbe au vipele. Usitaje wekundu pekee, maana kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi.