Mjibu mlalamikaji kabla hujajua kosa ni la nani

Mteja wa Mbale akikuandikia kwamba katoni mbili za vigae ulizomtumia kutoka Kampala zimefika zimevunjika, mjibu siku hiyo hiyo:

"Pole sana kwa usumbufu, dada. Tumepokea malalamiko yako ya leo Jumanne kuhusu katoni mbili. Tunafuatilia stoo na kwa msafirishaji. Tutakupigia Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Tafadhali tunza vipande na ututumie picha."

Usiandike "tulifunga vibaya" wala "dereva ndiye aliyevunja". Bado hujui, na ujumbe huo atauonyesha akidai fidia. Ijumaa ikifika hujapata jibu, mpigie hivyo hivyo, umweleze kilichobaki na siku mpya. Wengi hunyamaza hapo, na hilo humuudhi mteja kuliko vigae vyenyewe.