Kupanga kalenda ya uzalishaji wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kuanzia tarehe ya kupandisha

Wafugaji wengi wanaoandika tarehe huandika mbili tu: siku mnyama alipopandwa na siku anayotarajiwa kuzaa. Katikati huachwa wazi. Kwa ng'ombe nafasi hiyo ni miezi tisa, na ndimo hasara inamojificha, kwa sababu jike ambaye hakushika mimba anaweza kukaa miezi akihesabiwa kuwa ana mimba. Kalenda ninayoieleza hapa inajaza pengo hilo. Nitaifanyia kazi kwa ng'ombe mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha nionyeshe inavyobadilika kwa wengine watatu.

Hatua ya 1: Shika namba za msingi

| Mnyama | Mzunguko wa joto | Joto hudumu | Mimba |
|---|---|---|---|
| Ng'ombe | siku 21 (18–24) | saa 12–18 | siku 283 |
| Mbuzi | siku 21 (18–22) | siku 1–2 | siku 150 |
| Kondoo | siku 17 (14–19) | siku 1–1½ | siku 147 |
| Nguruwe | siku 21 (18–24) | siku 2–3 | siku 114 |

Joto ni kipindi ambacho jike yuko tayari kupandwa, na mzunguko ni siku kutoka joto moja hadi linalofuata. Mimba hizi ni wastani. Mbuzi au kondoo akitangulia au kuchelewa kwa siku tano, hakuna tatizo. Nguruwe huwa karibu sana na tarehe yake, kwa kawaida kati ya siku 112 na 116. Wengi huikumbuka kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ng'ombe wenye nundu hubeba siku chache zaidi kuliko wa maziwa wa kigeni, kwa hiyo kwao usiingiwe na wasiwasi tarehe ikipita kwa wiki moja.

Siku ya kupandisha ni siku ya 0. Siku ya 1 ni kesho yake. Hesabu kwa siku, usihesabu kwa miezi, maana miezi haina urefu sawa.

Hatua ya 2: Anza kuandika joto kabla hujataka kupandisha

Tuchukue ng'ombe aliyezaa tarehe 10 Februari. Kizazi chake kinahitaji muda wa kurudi katika hali yake na kusafika, kwa hiyo hatumpandishi kabla ya siku kama 60 kupita, yaani kabla ya 11 Aprili. Lakini kumchunguza tunaanza mapema. Tarehe 22 Machi, siku 40 baada ya kuzaa, anaonekana amesimama tuli wenzake wakimpanda. Hatumpandishi, ila tunaandika, kwa sababu joto hilo ndilo linalotupa linalofuata: 22 Machi ongeza siku 21 ni 12 Aprili. Kwa kuwa mzunguko unaweza kuwa siku 18 hadi 24, tunazungushia duara tarehe 9 hadi 15 Aprili na kumwangalia kwa makini siku hizo.

Kumwangalia kwa makini maana yake ni alfajiri na jioni, nusu saa kila mara, wakati ng'ombe hawali wala hawakamuliwi. Ishara ya kuaminika ni moja: amesimama bila kukimbia anapopandwa na mwenzake. Kulia sana, ute mwangavu unaoning'inia, maziwa kupungua na yeye kupanda wengine ni dalili za kukufanya umfuatilie, lakini hazitoshi kumwita mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu na mrija bila dume.

Ukikuta damu kidogo kwenye mkia au ukeni na hukuona joto, usiipuuze. Damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto, kwa hiyo umechelewa. Haimaanishi ameshika mimba wala hajashika. Andika tarehe yake, kisha hesabu siku 15 mbele na uanze kumwangalia hapo.

Hatua ya 3: Pandisha kwa saa, si kwa siku

Yai la ng'ombe hutoka joto likiwa limeshaisha, kama saa 10 hadi 12 baada ya kuacha kusimama. Ndiyo sababu kanuni ya wahimilishaji husema: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Ng'ombe wetu anaonekana asubuhi ya 12 Aprili, anahimilishwa jioni hiyo hiyo. Andika saa uliyomwona na saa aliyohimilishwa. Asiposhika mara kadhaa, saa hizo ndizo za kwanza kuangaliwa.

Hatua ya 4: Andika tarehe zote siku hiyo hiyo

Kabla mhimilishaji hajaondoka, kalenda ya ng'ombe huyu iwe na mistari hii:

- 3 Mei (siku ya 21): kurudi joto mara ya kwanza kama hakushika; mwangalie kuanzia 30 Aprili hadi 6 Mei
- 24 Mei (siku ya 42): kurudi mara ya pili
- 11 Juni (siku ya 60): kupimwa mimba na daktari wa mifugo
- 21 Novemba: kuacha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa
- 20 Januari (siku ya 283): kuzaa

Kutoka 10 Februari hadi 20 Januari ni siku 344, kwa hiyo, kama lengo ni ndama mmoja kila mwaka, tuna nafasi kidogo. Kama jaribio la 12 Aprili litashindwa na akapandishwa tena 3 Mei akashika, atazaa 10 Februari, mwaka mmoja kamili tangu alipozaa. Akishindwa tena na kushika tarehe 24 Mei, kuzaa kutasogea hadi 3 Machi. Kila mzunguko unaopotea ni siku 21, na baada ya jaribio la pili mwaka umeshapita. Hii ndiyo maana nasema tarehe ya 3 Mei ina uzito kuliko tarehe ya kuzaa: ukiikosa, hutajua umepoteza nini hadi 24 Mei au baadaye.

Hatua ya 5: Soma siku alizorudi

Idadi ya siku kutoka kupandishwa hadi kurudi joto inakueleza kilichotokea.

Akirudi kati ya siku ya 18 na 24, hakushika, au kiinitete kilikufa mapema mno kiasi kwamba mzunguko haukusumbuliwa. Mpandishe tena kwa saa sahihi. Ng'ombe akifanya hivi mara tatu mfululizo na saa ziko sawa, acha kununua mbegu na umwite daktari amchunguze kizazi.

Akirudi karibu na siku ya 42, kwa kawaida kulikuwa na joto la siku ya 21 na halikuonekana. Ukiona wengi wa kundi lako wanarudi siku ya 42, tatizo lipo kwenye uangalizi, si kwenye mbegu.

Akirudi kati ya siku ya 25 na 35, huenda alishika na mimba ikapotea, au siku ya kwanza alipandishwa akiwa hayuko kwenye joto. Mmoja ni bahati mbaya; wakiwa kadhaa, zungumza na daktari kuhusu magonjwa ya uzazi, hasa kama mnatumia dume la kuzunguka zizi hadi zizi.

Akirudi baada ya siku tano hadi kumi, tarehe mojawapo kati ya hizo mbili si ya joto la kweli, au ana uvimbe wenye maji kwenye kifuko cha mayai.

Jambo moja la hatari: wapo ng'ombe wachache wenye mimba ambao huonyesha dalili za joto. Kama alishapimwa na kuonekana ana mimba, asihimilishwe kabla ya kupimwa upya, kwa sababu mrija ukipitishwa kwenye mlango wa kizazi unaweza kuiharibu mimba iliyopo.

Na kutokurudi siyo uthibitisho wa mimba. Kwa hiyo mstari wa 11 Juni usiufute hata kama 3 Mei na 24 Mei zimepita kimya.

Hatua ya 6: Mbuzi na kondoo, hesabu kurudi nyuma

Hawa kwa kawaida hupangwa kama kundi, kwa hiyo anza na siku unayotaka watoto waanze kuzaliwa. Tuseme ni 1 Oktoba. Kwa mbuzi rudi nyuma siku 150: beberu aingie 4 Mei. Kwa kondoo rudi siku 147: dume aingie 7 Mei.

Mwache dume kwa mizunguko miwili, kisha mtoe. Kwa mbuzi ni siku 42, atoke 15 Juni, na uzazi utakwisha karibu na 12 Novemba. Kwa kondoo ni siku 34, atoke 10 Juni, na wa mwisho watazaa karibu na 4 Novemba. Dume asiyetolewa huiharibu kalenda yote, kwani watoto watazaliwa kwa kutawanyika na hutaweza kuwaandalia chakula na banda pamoja.

Kondoo jike haonyeshi joto dhahiri bila dume karibu, hivyo kutegemea jicho lako ni kujisumbua. Mpake dume rangi kifuani. Kila jike aliyepandwa atabeba alama mgongoni, nawe utaandika tarehe yake. Baada ya siku 17 badili rangi, ukianza na nyepesi kisha nzito. Majike wenye rangi ya pili juu ya ya kwanza walirudi. Wakiwa wengi, mtilie shaka dume na umbadilishe wakati bado kuna muda. Kwa mbuzi badili rangi baada ya siku 21.

Majike waliotengwa na dume kwa wiki kadhaa hushtuka wanapomwona na wengi huingia joto karibu kwa wakati mmoja. Kwa mbuzi, joto hilo la kwanza linaweza kufuatiwa na jingine baada ya siku tano hadi saba tu. Usilihesabu kama kasoro; tumia tarehe ya pili. Mbuzi pia huweza kupata mimba ya uongo: kizazi hujaa maji, tumbo hukua, harudi joto, na mtoto hayumo. Kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti kinalitambua hilo.

Ukiwa mbali na ikweta, mbuzi na kondoo wengi huingia joto siku zinapokuwa fupi tu, basi tarehe ya 1 Oktoba inaweza isiwezekane. Karibu na ikweta hawana kizuizi hicho.

Hatua ya 7: Nguruwe, anza na siku ya kuachisha

Nguruwe anayenyonyesha kwa kawaida haingii joto. Ukiondoa watoto, huingia baada ya siku nne hadi saba, kwa hiyo siku ya kuachisha ndiyo unayoichagua wewe. Ukiachisha 3 Aprili, mwangalie kuanzia tarehe 7, dume akiwa upande wa pili wa ukuta. Mkandamize kiuno kwa mikono. Akisimama imara na masikio yakasimama, yuko tayari.

Kwa kuwa joto lake ni refu, mpandishe mara mbili, kwa kuachanisha saa 12 hadi 24. Akipandishwa 8 Aprili na tena tarehe 9, hesabu kutoka ile ya kwanza: kurudi joto ni 29 Aprili, kuzaa ni 31 Julai, na kumhamishia chumba cha kuzalia ni wiki moja kabla, 24 Julai. Tarehe 29 mpeleke tena karibu na dume, kwani nguruwe aliyerudi hupita kimya kwa urahisi mahali ambapo dume hayupo. Na ukiachisha majike kadhaa siku moja, watazaa ndani ya wiki moja, hivyo watoto wa anayezidiwa wanaweza kuhamishiwa kwa mama mwenye chuchu za ziada, wakishapata maziwa ya kwanza ya mama yao.