Anza na mstari wa mwisho wa jedwali

Ukipewa ripoti ya utafiti uihakiki, kwenye jedwali la marudio anza chini kabisa. Idadi limbikizi iishie kwenye jumla ya waliojibu, asilimia limbikizi iishie 100.

Tuseme kaya 120 zimeulizwa muda wa kwenda kuchota maji na kurudi: chini ya nusu saa 54, nusu saa hadi saa moja 37, zaidi ya hapo 23. Ukilimbikiza unapata 54, 91, 114. Kaya sita hazikujibu. Mwandishi akigawanya kwa 120, asilimia zinaishia 95.0, hapo ujue kigawanyo si sahihi, au mstari wa "hakujibu" umesahaulika.

Ukigawanya kwa 114 unapata 47.4, 32.5 na 20.2, ambazo ukizijumlisha zinatoa 100.1. Hilo si kosa la data, ni kukadiria desimali tu. Kwa hiyo usijumlishe asilimia zilizokwisha kukadiriwa: gawanya idadi limbikizi yenyewe, 91 kwa 114, upate 79.8 (si 79.9), na 114 kwa 114 ni 100 kamili.

Swali ambalo mtu anaweza kuchagua jibu zaidi ya moja, mimi hufuta kabisa safu limbikizi, maana mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara kadhaa.