Kutoa VAT iliyomo ndani ya bei: kwa nini unagawanya kwa 1.18 na hukati asilimia 18

Somo hili ni la wenye maduka waliosajiliwa VAT na makarani wanaowaandalia hesabu za mwezi. Mfano ninaoutumia ni duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, hapa Kigoma, ambalo bei zake zote za rafuni zina kodi ndani. Mteja anaambiwa bei moja, analipa, anaondoka. Jioni lazima mtu ajue ni shilingi ngapi za duka na ni ngapi za serikali.

Tuanze na bidhaa ya shilingi 118,000. Kosa linaloonekana kila mara ni hili: mtu anachukua 118,000, anazidisha kwa asilimia 18, anapata 21,240, kisha anaandika hiyo kuwa ndiyo kodi. Kodi sahihi ni 18,000. Amejikata shilingi 3,240 kwenye bidhaa moja, na hakuna mtu aliyemdai.

Asilimia 18 ya nini?

Swali zima liko hapo. Asilimia haisimami peke yake, lazima iwe ya kitu fulani. VAT ya asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi. Bei ya rafuni tayari imebeba vyote viwili, bei na kodi yake.

Weka noti 118 za elfu moja mezani. Noti 100 ni bei ya duka. Noti 18 ziliongezwa juu yake, nazo ni za serikali. Sasa yule anayekata asilimia 18 ya zote anafanya nini? Kwenye zile noti 100 anatoa 18, na hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini hasimami. Anaendelea kwenye zile 18 zilizobaki pembeni, anazikata nazo asilimia 18, anapata 3,240. Hizo ndizo shilingi zilizopotea. Ametoza kodi juu ya kodi.

Kwa hesabu ni hivi. Bei kabla ya kodi tuiite B. Mteja analipa B pamoja na 0.18 ya B, yaani B mara 1.18:

```
B + 0.18 × B = 1.18 × B
B = bei ya rafuni ÷ 1.18
kodi = bei ya rafuni − B
```

Bei ya rafuni ilipatikana kwa kuzidisha kwa 1.18, basi njia ya kuirudisha ilikotoka ni kugawanya kwa 1.18. Kukata asilimia 18 hakurudishi mahali ulipotoka, kwa sababu unapanda ukiwa umeshika 100 na unashuka ukiwa umeshika 118. Asilimia ni ileile, lakini kinachokatwa kimekuwa kikubwa zaidi.

Ukitaka kodi moja kwa moja bila kupitia B, chukua sehemu 18 kati ya 118. Sheria ya VAT yenyewe inatumia uwiano huohuo: kiwango, gawanya kwa mia ukijumlisha kiwango. Ukiirahisisha 18/118 unapata 9/59.

Hatua kwa hatua, kwa hesabu isiyo nyoofu

Mfano wa 118,000 unatoka vizuri mno, na mtu anaweza kuuelewa kisha akakwama dukani. Tuchukue mauzo ya kawaida: mabati 20 kwa 32,000 kila moja, na misumari kilo 4 kwa 5,000 kila kilo. Bei zote zina VAT ndani.

1. Jumlisha kwanza alicholipa mteja. Mabati 640,000, misumari 20,000, jumla 660,000.

2. Gawanya kwa 1.18. Kalkuleta inaonyesha 559,322.0339 na kuendelea. Andika 559,322.03.

3. Kodi ipate kwa kutoa: 660,000 kasoro 559,322.03 ni 100,677.97. Kwa kutoa, sehemu mbili lazima zirudi kwenye fedha iliyopokelewa, kwa hiyo droo na daftari haviwezi kugombana.

4. Pima. Zidisha 559,322.03 kwa 0.18. Ikija 100,677.97, umepatia.

Hatua ya nne ndiyo inayomfichua aliyekosea. Yule wa 21,240 anabakiwa na 96,760. Mwambie aiongezee asilimia 18: anapata 114,176.80. Mteja alilipa 118,000. Hesabu haifungi, na hakuna mahali pa kuificha hiyo tofauti.

Kipimo kingine ni risiti ya mashine ya EFD. Chini yake kuna mistari ya `TOTAL EXCL OF TAX`, `TOTAL TAX` na `TOTAL INCL OF TAX`. Gawanya mstari wa kodi kwa ule wa kwanza. Kwa risiti ambayo bidhaa zake zote zinatozwa asilimia 18, jibu lazima liwe 0.18.

Inapoharibika

Kitufe cha `%` kwenye kalkuleta kimepotosha wengi. Ukibonyeza `118000 − 18 %`, kalkuleta nyingi zinaleta 96,760. Haijaharibika, imekata asilimia 18 ya 118,000 kama ulivyoiamuru. Achana na kitufe hicho, bonyeza `118000 ÷ 1.18 =`. Kama kalkuleta yako ina `TAX−`, hiyo inagawanya kama inavyotakiwa, ila hakikisha kiwango kilichowekwa ndani ni 18.

Pili, kufupisha kizidishi. 18/118 ni 0.152542 na kuendelea, na watu wanaandika 0.15 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Kwenye ile 660,000, 0.15 inaleta kodi 99,000, pungufu kwa karibu shilingi 1,678. Hata 0.1525 kwenye mauzo ya 23,600,000 inapunguza shilingi 1,000 kamili. Acha tarakimu zote zibaki ndani ya kalkuleta, ukate senti mwishoni tu. Kwenye Excel, bei ikiwa `B2`, kodi iwe `C2` na bei kabla ya kodi `D2`:

```
C2: =ROUND(B2*18/118,2)
D2: =B2-C2
```

Uzito wa kosa lenyewe unaonekana kwenye mwezi mzima. Mauzo ya 23,600,000 yenye kodi ndani yana VAT ya 3,600,000. Kwa njia ya kukata yanaonyesha 4,248,000. Duka linatoa 648,000 za faida yake. Upande wa manunuzi hali ni mbaya kwa namna nyingine: ukikata asilimia 18 ya jumla ya risiti ulizonunulia, unadai kodi ambayo muuzaji wako hakuitoza. Risiti yake ya EFD inaonyesha kiasi halisi, kwa hiyo ritani yako itakinzana na taarifa ambazo TRA tayari inazo. Kwa manunuzi usipige hesabu kabisa, nakili kodi iliyoandikwa kwenye risiti.

Maswali ya wanachama

*Mwenye duka la rejareja, Ujiji:* Mwalimu, shikamoo. Mteja amelipa 90,000. Ndani yake kuna mahindi ya 31,000, zilizobaki ni sabuni. Nigawanye 90,000 kwa 1.18?

Marahaba. Hapana, tenganisha kwanza. Mahindi yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, hakuna kodi ndani yake ya kutoa. Sabuni ni 59,000, gawanya kwa 1.18 unapata 50,000, kodi 9,000. Ukigawanya 90,000 yote utajiandikia kodi ya 13,728.81 na mahindi yatakuwa yamelipiwa kodi isiyokuwepo. Bidhaa iliyosamehewa isipowekwa kwenye kundi lake ndani ya mashine, mashine nayo itakosea vilevile.

*Karani, Kasulu:* Mkuu, bosi akimpunguzia mteja 5,900 kwenye ile bidhaa ya 118,000, punguzo linatolewa kabla ya kugawanya au baada?

Kabla. Punguzo aliloahidiwa mteja ni la bei anayolipa, kwa hiyo 112,100 gawanya kwa 1.18: bei 95,000, kodi 17,100. Ukigawanya kwanza kisha ukatoa 5,900 kwenye 100,000, unabakiwa na 94,100, na ukiongeza kodi mteja atakuwa amelipa 111,038. Hiyo siyo fedha iliyoko mkononi. Punguzo likiwa la asilimia, mpangilio hauleti tofauti, lakini zoea njia moja.

*Dada wa stationari, Kibondo:* Kaka, mimi sijasajiliwa VAT, mauzo yangu ni madogo. Nami nitoe kodi kwenye bei zangu?

Hapana, dada. Bei yako haina VAT ndani, hivyo hakuna cha kugawanya, na hupaswi kumwandikia mteja VAT. VAT uliyotozwa ulipokwenda kununua mzigo ni sehemu ya gharama yako, ipange kwenye bei kama gharama nyingine.

*Karani mwingine, Kigoma mjini:* Nauza kalamu 10 kwa 1,000 kila moja. Nikitoa kodi kalamu moja moja napata 1,530, nikitoa kwenye jumla napata 1,525. Ipi sahihi?

1,525.42. Kalamu moja ina kodi ya 152.54, wewe umeipandisha hadi 153, na ile sehemu ya shilingi imejirudia mara kumi. Usikate senti kwenye kipande kimoja. Jumlisha, kisha toa kodi mara moja.

*Mfanyabiashara wa bandarini:* Ndugu, nimeletewa ankara kutoka Kalemie, imeandikwa 580,000 FC TTC, TVA asilimia 16. Nagawanya kwa 1.18?

Kwa 1.16. `TTC` maana yake kodi zote zimo ndani, na namba ya kugawanyia inafuata kiwango cha ankara yenyewe, popote ulipo wewe. Bei ni 500,000, TVA 80,000. Ila hiyo TVA ni kodi ya Kongo, usiiweke kwenye kodi ya manunuzi ya ritani yako ya Tanzania.

*Mhasibu anayepanga mafaili ya zamani:* Nina hati za 2008. Kiwango wakati huo kilikuwa asilimia 20. Kuna njia ya haraka?

Ipo. Gawanya kwa 1.2, au chukua moja ya sita ya jumla, kwa kuwa 20/120 ni 1/6. Hati ya 600,000 ina kodi ya 100,000. Angalia tarehe ya kila hati, kwa sababu kiwango kilishuka hadi 18 Julai 2009, na faili la mwaka huo litakuwa na hati za aina zote mbili.