Umefungiwa kwa ajili ya GB WhatsApp? Rudi bila kupoteza chati

Mfano wetu ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Oda za wateja wake wa Ukerewe na Igombe zote zimo kwenye GB WhatsApp, programu isiyo ya WhatsApp wenyewe, na asubuhi moja anakuta amefungiwa.

Kwanza asome kioo. Kikionyesha muda unaohesabiwa kurudi nyuma, kifungo ni cha muda, naye asubiri uishe. Kufuta programu na kuiweka upya hakupunguzi hata dakika. Kikionyesha kitufe cha "Request a review", kifungo ni kizito zaidi: abonyeze, aweke namba sita zitakazokuja kwa SMS, aeleze kwa ufupi, kisha asubiri majibu.

Muda ukiisha, asiifute GB bado. Wengi hupotezea chati hapa. Aingie Settings > Chats > Chat backup na kuhifadhi. Kisha afungue kidhibiti faili. Katika simu nyingi za sasa, chati ziko hapa:

```
Android/media/com.gbwhatsapp/GBWhatsApp
```

Ndani kuna folda ya Databases yenye faili linaloanza na `msgstore.db.crypt`. Anakili folda nzima ya GBWhatsApp mahali salama, kwa mfano kwenye memori kadi, maana kufuta programu kunaweza kuondoka nayo. Nakala nyingine aiweke hapa, akiipa jina jipya:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp
```

Folda ya com.whatsapp isipokuwepo, aitengeneze. Ndani ya Media, "GBWhatsApp Images" iwe "WhatsApp Images", na nyinginezo vivyo hivyo, la sivyo maneno yatarudi bila picha.

Sasa ndipo afute GB, apakue WhatsApp kutoka Play Store, aweke namba ileile na kuiruhusu isome faili. Ikiuliza, abonyeze "Restore". Swali hilo huja wakati wa kuanza tu. Akiliruka, itabidi afute na kuanza tena, ndiyo maana ile nakala ya memori kadi isiguswe.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi haikuuliza Restore kabisa.*
Mara nyingi ni jina la folda, herufi moja tu inatosha kuiharibu, au uliikatalia ruhusa ya faili. Angalia pia namba: chati za laini moja hazifunguki kwa laini nyingine.

*Kuna kijana anataka elfu ishirini anifungulie, ila nimtumie kwanza zile namba sita za SMS.*
Usimtumie, dada. Hizo ndizo za kuingilia kwenye akaunti yako. Ukimpa, ataingia yeye na wewe utatolewa.

*WhatsApp inadai PIN niliyoisahau.*
Kama uliweka barua pepe, irejeshe kwa njia hiyo. Kama hukuweka, utasubiri siku 7.

*Kwani GB mpya inayodai haifungiwi, nayo vipi?*
Bado si ya WhatsApp wenyewe, kaka. Mwaka 2021 Kaspersky waliikuta FMWhatsApp, ndugu yake, imebeba kirusi cha Triada. Na ukirudia baada ya onyo, kifungo kinaweza kuwa cha kudumu.